Gawio au faida? Njia mbili za kupima bei ya hisa kabla hujatoa hela

Shemeji yangu ana meza ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Juzi alinifuata na simu mkononi, ameifungua kwenye bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam. "Shemeji, hii inauzwa 1,900. Ni ghali au ni rahisi?"

Nikamuuliza mtumbwi uliotumika yeye huupimaje kabla ya kuununua. Hakufikiria sana. "Kwanza nauliza wa jirani ulikwenda kwa bei gani. Halafu napiga hesabu, huu utaniingizia nini." Nikamwambia amekwisha kujibu, kwa sababu hisa nayo hupimwa hivyo hivyo. Njia ya jirani ni kuangalia bei ni mara ngapi ya faida, ile inayoandikwa P/E kwenye ripoti za madalali. Njia ya pili ni kuhesabu magawio yote utakayopokea na kuyaleta kwenye thamani ya leo. Iliyo nyepesi kuliko zote katika kundi hilo ni ile inayochukulia kwamba gawio litakua kwa kasi moja bila kukoma, inayoitwa kwa jina la Myron Gordon, mchumi aliyeieneza miaka ya 1950.

Watu hukwama kati ya hizi mbili kwa sababu mara nyingi hazitoi jibu moja. Kampuni ya shemeji jina silitaji, na tarakimu zake nimezisawazisha ili hesabu ifuatike. Kila hisa ina mambo haya manne: bei 1,900, faida ya mwaka jana 320, gawio la mwaka 160, na mtaji wa wanahisa, yaani mali ukitoa madeni, 2,000.

Tunazilinganisha kwa lipi

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Inataka taarifa gani, na zinapatikana? Kuna namba ngapi ndani yake ambazo ni za kukisia, na ukikosea kidogo jibu linahama kiasi gani? Inakwama kwa kampuni za namna gani? Na inamfaa nani? Swali la pili ndilo zito, nitakaa hapo zaidi.

Njia ya gawio

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
P = D1 / (r - g)
```

`D1` ni gawio la mwaka ujao, `r` ni faida unayoidai kwa mwaka ili ukubali kubeba hatari ya hisa hiyo, na `g` ni kasi ya kukua kwa gawio.

*Taarifa.* Gawio lipo kwenye taarifa za fedha, ila kuna makosa mawili ya kila siku. La kwanza ni kuchukua gawio la mwisho peke yake. Kampuni hii ililipa 60 katikati ya mwaka na 100 baada ya mkutano mkuu, na shemeji alikuja na 100 tu. La pili ni kuweka gawio lililokwisha kulipwa. Ukinunua leo hilo si lako, limeenda kwa aliyekuwa na hisa wakati huo. Unalikuza kwanza kwa kasi uliyoikubali, ndipo unaligawa.

*Namba za kukisia.* Zipo mbili. Ya `r` tuliipata kwa kuanzia kwenye hatifungani ya Serikali ya muda mrefu. Tuseme inalipa asilimia 12. Hakuna sababu ya mtu kushika hisa, ambayo gawio lake linaweza kukatwa mwaka wowote, kwa malipo yale yale anayopata kwa kuikopesha Serikali. Tukaongeza 4 juu, ikawa 16. Shemeji alicheka: "Mimi dagaa wananipa zaidi ya hapo kwa mwezi." Kweli, lakini sehemu kubwa ya pesa ile ni ujira wake wa kuamka saa kumi alfajiri. Hisa haimwamshi, kwa hiyo asiidai kitu kile kile.

Ya `g` ndiyo ngumu. Njia ya kawaida ni kuangalia kampuni inabakiza kiasi gani cha faida na pesa hiyo inazaa nini ndani. Ilipata 320, ikagawa 160, ikabakiza nusu. Kila shilingi 100 za mtaji zinazaa 16 (320 kwa 2,000). Nusu ya 16 ni 8, hivyo ukuaji unakadiriwa kuwa asilimia 8. Gawio la mwaka ujao linakuwa 172.8, na ukigawa kwa tofauti ya 16 na 8:

```
172.8 / (0.16 - 0.08) = 2,160
```

Hisa ya 1,900 ina thamani ya 2,160. Shemeji alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya dalali.

Nikamwambia angoje, abadilishe kasi peke yake na mengine yabaki vilevile. Kwa asilimia 7 thamani inashuka hadi 1,902. Kwa 9 inapanda hadi 2,491. Kwa 10 inafika 2,933. Tofauti ya asilimia moja moja, ambayo hakuna mtu duniani anayeweza kuiapia, imehamisha jibu kutoka "bei ni sawa kabisa" hadi "nunua hata kwa kukopa". Sababu iko kwenye kigawanyo. Kadiri `g` inavyoisogelea `r`, ndivyo kigawanyo kinavyokuwa chembamba na jibu linavyofura. Zikilingana, hesabu inavunjika. `g` ikizidi, inatoka hasi, na thamani hasi ya hisa haina maana yoyote.

Kwa hiyo weka dari. Uchumi wa nchi ukikua asilimia 5 au 6 na bei za vitu zikipanda 3 au 4, pato la taifa kwa shilingi za kawaida linakua karibu 9. Kampuni inayokua kuliko hapo bila kukoma siku moja itakuwa kubwa kuliko nchi. Ukiona mtu ameweka 10 au 11 kwenye kanuni hii kwa kampuni ya hapa, usisome tena hesabu yake.

Kuna mtego mwingine mdogo. Gawio la kampuni hii lilikuwa 118 miaka minne nyuma, leo ni 160. Hiyo nayo ni karibu asilimia 8 kwa mwaka, na mtu angesema ushahidi huo umetosha. Haujatosha, nitaeleza hapo chini.

*Inapokwama.* Kampuni isiyolipa gawio, inayolipa mwaka mmoja na kuruka miwili, au changa inayokua kwa kasi kubwa sasa na itakayotulia baadaye: kanuni hii haiwezi kuzisema. Neno "kasi moja" linachukuliwa kama lilivyo.

*Inamfaa nani.* Mtu anayenunua ili ashike miaka mingi na ale gawio, kwa kampuni iliyokomaa, kama benki kubwa, kiwanda cha bia au cha saruji, yenye historia ndefu ya kulipa. Mtu huyo asisahau kodi ya zuio. Kwa kampuni iliyoorodheshwa Dar es Salaam ni asilimia 5 ya gawio, kwa hiyo kwenye 160 mkononi zinabaki 152.

Njia ya kuzidisha faida

Hapa unagawa bei kwa faida ya kila hisa: 1,900 kwa 320 ni 5.9. Yaani soko linalipa shilingi 5.9 kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka, na namba hiyo ndiyo kizidishi. Halafu unauliza wenzake wanalipwa ngapi.

*Taarifa.* Ni chache kuliko ile ya kwanza, na ndiyo maana watu wanaipenda. Bei unaiona kila siku, faida ya kila hisa imeandikwa chini kabisa ya taarifa ya mapato. Shida ni majirani. Kwenye soko lenye maelfu ya kampuni unapata ishirini za biashara moja. Dar es Salaam kampuni zilizoorodheshwa ni chache, na baadhi, kama KCB na Jubilee, nyumbani kwao ni Nairobi, ambako ndiko bei zao zinakotengenezwa. Kwa biashara ya kampuni hii tulipata majirani watatu tu, wenye vizidishi vya 5, 6.5 na 13.

*Namba za kukisia.* Kwa macho haipo hata moja, na huo ndio udanganyifu wake. Ukichukua wastani wa wale watatu unapata karibu 8.2, na hisa inakuwa na thamani ya zaidi ya 2,600. Ukichukua wa katikati, 6.5, unapata 2,080. Tofauti ya shilingi mia tano imeletwa na jirani mmoja, yule wa 13.

Tulimfuatilia. Hakuwa kampuni inayopendwa. Faida yake ilikuwa imeporomoka mwaka ule, huku bei haijashuka sana kwa sababu wenye hisa wanatarajia mambo yatarudi. Faida ikiwa ndogo, kizidishi kinakuwa kikubwa. Upande wa pili ni vilevile, na ndio unaoumiza zaidi: kampuni iliyo kwenye kilele chake inaonekana rahisi kabisa. Shemeji alilielewa hili haraka kuliko mwanafunzi yeyote wa biashara. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi inabaki ufukweni. Mtu akikuuzia mtumbwi kwa kukuonyesha mapato ya wiki za giza tu, bei itaonekana ya bure. Ndiyo maana kwa biashara inayopanda na kushuka unachukua wastani wa faida ya miaka mitano hivi, mwaka mmoja hautoshi.

Kwa hiyo wa katikati ndiye tuliyemtumia: 6.5 mara 320 ni 2,080. Njia zote mbili zikasema bei ya 1,900 iko chini.

*Inapokwama.* Kampuni ikipata hasara, kizidishi hakipo. Ikiwa na madeni mengi kuliko wenzake, faida yake ina hatari zaidi, na haistahili kizidishi chao hata kama biashara ni moja. Ikitoa hisa mpya katikati ya mwaka, faida ya kila hisa ya mwaka jana imegawanywa kwa hisa ambazo sizo zilizopo leo.

Na bei yenyewe inaweza kuwa maiti. Hili lilinikuta mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa ya kampuni moja kwa kizidishi cha 4, nikajiona mjanja. Bei haikusogea mwezi mzima, nikadhani ni utulivu. Siku nilipotaka kuuza ndipo dalali aliponiambia hakuna aliyeigusa kwa wiki nyingi. Ile bei ilikuwa ya mtu mmoja aliyenunua hisa chache zamani. Nilingoja karibu miezi miwili, nikauza kwa chini ya nilivyonunulia. Tangu hapo, kabla ya kuangalia kizidishi, naangalia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Ikiwa sifuri siku baada ya siku, sihesabu.

*Inamfaa nani.* Mtu anayechagua kati ya kampuni mbili tatu za biashara moja, au anayetathmini kampuni inayobakiza faida yote. Pia mwenye mpango wa kuuza ndani ya mwaka au miwili, kwa kuwa yeye bei ya soko inamhusu zaidi kuliko magawio ya mbali. Ila aelewe kwamba njia hii inamwambia kama hisa ni rahisi kuliko wenzake. Soko zima likiwa limepanda kupita kiasi, inapanda nalo.

Kiwanja kilichobadilisha majibu yote mawili

Njia mbili zikikubaliana, mtu hulegea. Sisi nusura tulegee. Kabla ya kufunga karatasi nilipitia maelezo yaliyoambatishwa kwenye taarifa za fedha, zile kurasa za herufi ndogo ambazo wengi huziruka. Humo imeandikwa kwamba kampuni iliuza kiwanja, na faida ya mauzo hayo baada ya kodi ni shilingi 40 kwa kila hisa. Kiwanja hakiuzwi mara mbili. Faida ya biashara yenyewe ni 280.

Tukaanza upya. Kizidishi ni rahisi: 6.5 mara 280 ni 1,820.

Kwenye gawio, sehemu iliyobaki baada ya kugawa 160 si 160 tena, ni 120. Kwa mtaji wa 2,000, hiyo ni kasi ya asilimia 6 badala ya 8. Gawio la mwakani linakuwa 169.6:

```
169.6 / (0.16 - 0.06) = 1,696
```

Njia zote mbili sasa zinasema 1,900 ni ghali. Angalia pia jinsi zilivyoanguka. Kizidishi kilipoteza asilimia 12 na nusu, sawasawa na sehemu ya faida iliyoondolewa. Njia ya gawio ilipoteza zaidi ya 21, ingawa gawio lililolipwa halikubadilika hata senti moja. Kosa lilipita kwenye kasi, na kasi ndiyo inayozidisha kila kitu.

Sasa lile la 118. Miaka minne nyuma faida halisi ilikuwa 240, leo 280. Hiyo ni karibu asilimia 4 tu kwa mwaka. Gawio lilikua kwa 8 kwa sababu kampuni ilikuwa inagawa asilimia 49 ya faida na sasa inagawa 57. Kuongeza sehemu inayogawiwa kuna mwisho, maana huwezi kupita 100, na unachogawa leo ndicho kinachokosekana kujenga kesho. Ukiweka 4 kwenye kanuni unapata kama 1,387. Mimi nisingekwenda chini hivyo, kwa kuwa pesa inayobakizwa inaonyesha uwezo wa 6. Lakini namba hiyo nimemwachia shemeji pembeni ya karatasi aione.

Zinapokutana

Mtu akikwambia kizidishi hakina makisio, mpe hesabu hii. Chukua sehemu ya faida inayogawiwa, 160 kwa 280, yaani 0.571. Zidisha kwa 1.06, gawa kwa 0.10. Unapata 6.06. Hicho ndicho kizidishi ambacho kampuni hii inastahili kwa makisio yetu, na mara 280 kinarudi kwenye 1,696 ile ile. Soko linapompa jirani 6.5, ndani yake kuna `r` na `g` za watu wengine, ambazo hukuzichagua na huzioni.

Kwa hiyo mimi huigeuza kanuni. Badala ya kuuliza thamani ni ngapi, nauliza: anayelipa 1,900 anaamini kasi gani? Kwa `r` ya 16 jibu ni karibu asilimia 7 kila mwaka, milele, kutoka kwa kampuni ambayo faida yake halisi imekua kwa 4. Swali la namna hiyo mtu anaweza kubishana nalo akiwa anakunywa chai. "Thamani ni 1,696" hakuna wa kubishana nayo kwa akili, maana hata aliyeihesabu haiamini mpaka tarakimu ya mwisho.

Kwa hali yako

Ukiwa na kampuni iliyokomaa, imelipa gawio bila kuruka kwa miaka mingi, na unanunua ili ukae nayo, anza na gawio. Andika majibu matatu kwa kasi tatu. Bei ikiwa chini ya lile la chini kabisa, una nafasi ya kukosea. Ikiwa katikati, makisio yako ndiyo yanayoamua, na ujue hivyo.

Ukichagua kati ya benki mbili, tumia vizidishi, kwa faida iliyosafishwa na ya kipindi kimoja. Usilinganishe ya Desemba na ya Juni.

Kampuni ikiwa haigawi chochote, kanuni ya gawio iache. Ikiwa ina hasara, hata kizidishi kiache. Hapo unahitaji njia nyingine kabisa, kama kupima mali zake.

Na kama hisa haiuzwi mara kwa mara, njia ya gawio inakusaidia zaidi, kwa kuwa haitegemei bei ya mtu mwingine, mradi hutazihitaji pesa hizo ghafla.

Njia zikitofautiana sana, usizigawanye katikati. Tafuta makisio gani yanazitofautisha. Kwetu sisi baada ya kusafisha, 1,696 na 1,820 zilitofautiana kwa sababu majirani wanaaminiwa kukua kidogo zaidi ya 6. Ni jambo la kuuliza kuhusu majirani.

Shemeji alikuwa na milioni 2.8 na ushei, zinazotosha hisa 1,500. Hakununua. Amemwomba dalali amwambie bei ikishuka hadi 1,700, na akasema hata hapo ataanza na hisa 500 tu. Pesa nyingine zimerudi Mwaloni, kwa kuwa giza linaanza wiki ijayo.